Fremu ya mlango wa nje: Usiulize mbao ngumu au laini, uliza kiini

MAVUNO yakishauzwa, wakulima wengi hugeukia ujenzi. Huyu anajenga ghala la mahindi, yule anaongeza chumba cha duka mbele ya nyumba, mwingine anabadilisha mlango wa banda la kuku. Wote wakifika kwa muuza mbao huulizwa swali moja: unataka fremu ya mbao ngumu au ya mbao laini?

Mwenye fedha hujibu "ngumu", akalipa mara mbili au tatu ya bei na kurudi nyumbani akiamini ameshamalizana na mchwa. Asiye na fedha huchukua laini huku moyo ukimsuta. Miaka michache baadaye utawakuta wote wawili wanagonga miimo ya milango yao kwa kisu, na kisu kinazama kama kwenye mkate.

Maoni yangu ni kwamba swali lenyewe limekosewa. Mchwa na unyevu haviulizi mbao ni ngumu au laini. Vinauliza mambo mawili: mbao hiyo ilitoka sehemu gani ya mti, na kama imepigwa dawa, dawa iliingia hadi wapi. Mnunuzi asiyejua hayo mawili anaweza kulipa bei ya mninga akapewa chakula cha mchwa, na anaweza kudharau msonobari ambao ungemtumikia miaka mingi.

Kwanza tuondoe utata wa maneno. Wataalamu wa misitu hugawa miti kwa namna inavyokua, si kwa uzito wa mbao zake. Miti yenye majani kama sindano na mbegu ndani ya koni, kama msonobari na saipresi, huitwa miti ya mbao laini. Miti ya majani mapana huitwa miti ya mbao ngumu. Kwa mgawanyo huo msufi ni mti wa mbao ngumu, ingawa ubao wake unaweza kuutoboa kwa ukucha. Mwembe na mgrivea nao wamo humo, na kila mkulima aliyewahi kuacha gogo la mwembe shambani masika moja anajua jinsi linavyooza haraka.

Upande wa pili kuna mtarakwa, mti wa milimani unaoota Meru, Kilimanjaro, Usambara na katika nyanda za juu za Kenya. Huo umo kwenye kundi la mbao laini, lakini wakulima wa Kenya wameutumia miaka mingi kwa nguzo za uzio kwa sababu kiini chake hakipendwi na mchwa na hakiozi upesi. Basi jina la kundi halitoshi kumwambia mtu anunue nini.

Kiini na weupe

Chukua gogo la mninga lililokatwa, utazame kichwani mwake. Utaona rangi mbili. Katikati kuna sehemu kubwa ya rangi ya kahawia au nyekundu iliyoiva. Kandokando, chini ya gome, kuna mviringo wa rangi nyeupe au ya njano iliyopauka. Sehemu ya katikati ndiyo kiini. Ile ya pembeni mafundi wengi huiita weupe.

Mti ukiwa hai, weupe ndio unaopandisha maji kutoka kwenye mizizi na kuhifadhi wanga na sukari. Kiini kilikuwa weupe zamani, lakini kimekufa kadiri mti ulivyozeeka. Kabla ya kufa, mti ulikijaza utomvu na kemikali chungu ambazo ni sumu kwa wadudu na kuvu. Hiyo ndiyo dawa ya asili iliyoupa mninga, mvule, mkongo na mtiki sifa zake. Weupe wa miti hiyo hiyo hauna dawa hiyo. Umejaa chakula, na mchwa anaufahamu kwa harufu kabla fundi hajamaliza kupiga msumari.

Kwa maneno mengine, weupe wa mninga si mninga kwa upande wa mchwa. Ni mbao ya kawaida tu iliyouzwa kwa bei ya mninga.

Hapa ndipo tunapopata jibu la wazee wanaolalamika kuwa mninga wa siku hizi si ule wa zamani. Mti ni ule ule, ila magogo yamekuwa membamba. Mti mkubwa uliokaa porini miaka mingi una kiini kipana na weupe mwembamba pembeni. Mti mdogo una kiini chembamba, na weupe umechukua sehemu kubwa ya gogo. Ukipasua mbao kutoka gogo kama hilo, karibu kila ubao utatoka na mstari mweupe upande mmoja. Mtiki unaovunwa mapema katika kupunguza miti ya shamba una tatizo hilo hilo. Mtiki mkomavu wa Longuza au Mtibwa ni kitu kingine, lakini jina "mtiki" pekee halikuambii mti ulikuwa na umri gani.

Kuna kosa moja la ufundi ambalo limeua fremu nyingi nzuri. Fundi akikutana na ubao wenye upande mweupe, huuelekeza ukutani ili usionekane, na upande mwekundu ukakaa nje ukapakwa vanishi. Kwa macho kazi inapendeza. Lakini mchwa wetu wengi hutoka ardhini, hupita kwenye nyufa za msingi na nyuma ya ripu, kisha hupanda katikati ya ukuta na fremu mahali ambapo hakuna mwanga wala hewa kavu. Fundi amewawekea chakula kwenye njia yao, akakifunika kwa saruji. Mwenye nyumba hataona lolote hadi upande mwekundu utakapobaki kama ganda la yai.

Msonobari ni kinyume chake

Sasa tutazame mbao laini. Nyingi ya zile zinazouzwa katika masoko yetu ni misonobari ya mashamba ya kupandwa, hasa kutoka Sao Hill wilayani Mufindi na kwa wakulima wa Iringa na Njombe. Msonobari hauna dawa ya asili ya kutosha. Ukiweka fremu ya msonobari mbichi kwenye mlango wa nje mahali penye mchwa, hujajenga, umewaalika wageni.

Lakini msonobari una sifa moja ambayo kiini cha mninga hakina: weupe wake hunywa dawa vizuri sana. Katika kiwanda cha kutia dawa, mbao huingizwa ndani ya tangi refu la chuma, mlango unafungwa, hewa inanyonywa kutoka ndani ya mbao, kisha dawa inasukumwa kwa shinikizo. Weupe unapokea dawa hadi ndani. Kiini cha msonobari kinaikataa kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana nasema mambo yamegeuka: kwenye mninga weupe ndio ubaya, kwenye msonobari wa kiwandani weupe ndio uzuri. Anayenunua mninga atafute kiini. Anayenunua msonobari wa dawa atafute weupe uliolowa dawa kote.

Dawa inayotumika sana kwa nguzo na mbao za nje ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki, ambao huacha rangi ya kijani. Ni dawa yenye nguvu na ni sumu. Nchini Marekani watengenezaji waliacha kuitumia kwa mbao nyingi za nyumba za kuishi mwishoni mwa mwaka 2003. Kwa fremu ya mlango wa ghala inafaa, kwa masharti. Fundi avae glavu na kitambaa puani anapokata. Vipande vilivyobaki visiwashwe jikoni, na vumbi lake lisitandikwe kwenye banda la kuku. Wapo mama lishe wanaookota vipande vya kijani kwa ajili ya kuni; tuwaambie waache, maana arseniki haiungui ikaisha, inabaki kwenye moshi na majivu.

Shida ya soko letu ni kwamba rangi ya kijani imekuwa kama cheti. Mbao iliyochovywa kwenye pipa dakika chache nayo hutoka ya kijani, na huuzwa kwa jina lile lile la "mbao za dawa". Dawa ya kuchovya hubaki kwenye ngozi tu, unene wa kucha. Fundi akipitisha randa mara mbili imekwisha.

Njia ya kuzitofautisha ni rahisi na haihitaji mtaalamu. Mwombe muuzaji akate ubao mmoja kiasi cha sentimita 30 kutoka mwisho. Usitazame mwisho wenyewe, kwa sababu hapo dawa hupenya kwa urahisi hata kwa kuchovya. Tazama pale palipokatwa upya. Kama kijani kimeingia hadi ndani sehemu yote ya weupe, mbao hiyo ilipita kwenye tangi. Kama unaona mstari mwembamba wa kijani pembeni na katikati ni kweupe, umeuziwa rangi. Muuzaji akikataa kukata, nenda kwa jirani yake. Kipande cha sentimita 30 ni gharama ndogo kuliko fremu nzima.

Mti hufa miguuni

Hata mbao bora itashindwa ikiwekwa vibaya, na mahali inaposhindwa panajulikana. Fremu nyingi hufa sentimita 20 hadi 30 za chini. Hapo kuna mambo matatu kwa pamoja: matone ya mvua yanayoruka kutoka ardhini, maji ya kuoshea baraza, na unyevu unaopanda kutoka kwenye zege.

Mbao ni kama fungu la mirija iliyosimama. Maji huingia polepole sana kupitia ubavuni, lakini kupitia mwishoni, pale mirija ilipokatwa, hunyonywa haraka. Kuvu wanaoozesha mbao hawawezi kufanya kazi kwenye mbao kavu. Kanuni inayofuatwa ni kwamba mbao ikibaki chini ya asilimia 20 ya unyevu haiozi. Sasa fikiria desturi yetu ya kuzamisha miguu ya fremu inchi mbili ndani ya sakafu ili isimame imara. Tunachukua mwisho wa ubao, sehemu inayonyonya kuliko zote, tunauzika kwenye kikombe cha zege kisichotoa maji. Hapo mbao haikauki tena. Mchwa nao hupenda mbao yenye unyevu kuliko kavu, kwa hiyo tunawaandalia chakula na maji mahali pamoja.

Dawa yake ni ya fundi mwashi, wala si ghali. Miguu ya fremu isizikwe. Toboa tundu chini ya kila mwimo, ingiza kipande cha nondo ya milimita 12 chenye urefu wa sentimita 20, nusu ndani ya mbao na nusu ibaki nje. Jaza tundu lami ya moto na upake lami sehemu yote ya chini ya mwimo. Nondo ndiyo izame kwenye zege. Mwimo wenyewe ukalie juu ya kitako kidogo cha zege kilichoinuka sentimita tatu hadi tano kuliko baraza, kikiwa na mteremko kuelekea nje ili maji yasisimame. Kizingiti cha chini kiwe cha saruji. Kizingiti cha mbao kwenye mlango wa nje ni sahani ya mchwa.

Faida ya kitako hicho si kuzuia maji tu. Mchwa wa ardhini akitaka kupanda lazima ajenge njia yake ya udongo juu ya zege, mahali unapoweza kuiona. Ukipita na ufagio mara moja kwa wiki utaikuta mapema. Mguu uliozikwa haukupi nafasi hiyo.

Na hapa niseme jambo kuhusu oili chafu ya magari. Wakulima wengi huipaka wakiamini ni dawa. Harufu yake huwachelewesha mchwa kwa muda, lakini inakaa juu juu, mvua inaiosha, na ikishapakwa rangi haishiki vizuri juu yake. Ni bora kuliko kutofanya kitu kwenye nguzo ya zizi. Kwa fremu uliyokusudia ikae miaka 15, si kitu cha kutegemea.

Mfano wa ghala la Kilosa

Tuchukue mfano. Mkulima wa Kilosa anajenga ghala la kuhifadhi mahindi. Mlango wake una upana wa sentimita 90 na urefu wa mita 2.1. Fremu inahitaji miimo miwili ya futi saba saba na kipande cha juu cha futi tatu na nusu, ambacho masikio yake yanaingia ukutani. Jumla ni futi 17 na nusu za mbao ya sita kwa mbili. Eneo lina mchwa wengi, na masika ukuta wa mbele hupigwa na mvua.

Ana njia mbili zinazofaa. Ya kwanza ni mninga. Anunue vipande viwili vya futi saba na kimoja cha futi nne, asinunue kwa kutazama ubavu. Atazame vichwa vya mbao, na pale panapoonekana pamepakwa mafuta au vumbi jekundu akwangue kwa kisu. Akikuta inchi moja ya weupe upande mmoja, aombe upasuliwe utoke, akubali mwimo wa inchi tano ulio kiini chote. Mwimo wa inchi tano wa kiini ni bora kuliko wa sita wenye weupe, na bei ipatanishwe kwa inchi tano. Aombe pia stakabadhi na kibali cha kusafirishia mazao ya misitu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka vibali, na mbao zisizo na karatasi zinaweza kukamatwa njiani akapoteza mbao na fedha.

Njia ya pili ni msonobari wa dawa. Hapa mpangilio wa kazi ndio kila kitu. Fundi seremala achukue mbao mbili kavu za futi 12 ambazo hazijatiwa dawa. Ya kwanza inatoa mwimo mmoja na kipande cha juu. Ya pili inatoa mwimo wa pili na kubaki futi tano. Apige randa, akate ndimi na matundu, achonge mdomo wa kukalia mlango, atoboe matundu ya nondo. Kazi yote ya kukata imalizike kwanza. Kisha vipande vipelekwe kiwandani kutiwa dawa. Vikirudi vitakuwa vimelowa, kwa hiyo vipangwe kivulini vikitenganishwa kwa vijiti hadi vikauke, ndipo viunganishwe.

Kama kiwanda kiko mbali na analazimika kununua mbao zilizokwisha kutiwa dawa, afuate kanuni moja: mwisho ambao haujakatwa na msumeno ndio uende chini. Kukata kote kufanyike upande wa juu, na kila palipokatwa au kutobolewa papakwe dawa ya mbao kwa brashi mara mbili au tatu, hasa ndani ya matundu ya viungo. Palipokatwa bila kupakwa ni mlango wa mchwa hata kama ubao uliobaki una dawa ya kutosha.

Kwa njia zote mbili, ukavu una maana. Mbao mbichi itasinyaa baada ya kufungwa, viungo vifunguke, na maji yaingie pembeni mwa ulimi. Mninga una sifa ya kusinyaa kidogo sana, msonobari unapinda zaidi. Mkulima mwenye mizani anaweza kupima mwenyewe: akate kipande kidogo cha mbao hizo, akipime kila wiki. Uzito ukiacha kupungua kwa wiki mbili au tatu mfululizo, mbao ziko tayari.

Sasa gharama. Bei zinatofautiana kwa mahali, kwa hiyo nachukua tarakimu za mfano tu. Msomaji aweke za kwao. Tuseme mbao za msonobari mtupu ni sh 30,000, za msonobari wa dawa sh 45,000, za mninga uliochanganyika na weupe sh 80,000, na za kiini kitupu sh 110,000. Ufundi, saruji na rangi tuseme ni sh 60,000 kila fremu inapowekwa.

Kama msonobari mtupu unaliwa kila baada ya miaka mitatu, kwa miaka 12 mkulima atajenga fremu nne, yaani sh 360,000. Mninga wenye weupe ukidumu miaka sita atajenga mara mbili, sh 280,000. Kiini kitupu kikidumu miaka yote 12 atatumia sh 170,000. Msonobari wa dawa ukidumu kipindi hicho hicho atatumia sh 105,000. Hata kama msonobari huo utadumu miaka minane tu na kurudiwa mara moja, gharama ni sh 210,000, bado chini ya mninga wenye weupe. Aliyepata hasara kubwa baada ya yule wa msonobari mtupu ni yule aliyedhani amenunua mbao ngumu.

Na hasara haiishii kwenye fremu. Mlango ulioachia ukutani haufungi sawasawa. Panya na unyevu huingia kwenye magunia, na bei ya gunia moja au mawili ya mahindi yaliyoharibika inakaribia tofauti yote ya bei tunayoibishania.

Ugumu una kazi yake

Wapo watakaosema kuwa kwa hesabu hii hakuna haja ya mbao ngumu kabisa. Sikubaliani nao. Ugumu una kazi yake, ila kazi hiyo si kuzuia mchwa. Ni kushika bawaba na kuhimili kishindo. Skurubu katika msonobari hulegea mapema ikiwa mlango ni mzito, na mwizi mwenye mtaimbo hupasua msonobari kwa urahisi kuliko mninga au mkongo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Mwenye duka, anayetundika mlango mzito wa mbao au wa chuma na kulala mbali na mali yake, atumie kiini cha mbao ngumu, na asikubali weupe hata kidogo. Mkulima mwenye ghala au banda lenye mlango mwepesi, karibu na nyumba yake, atumie msonobari uliotiwa dawa kwa shinikizo baada ya kukatwa. Kama hawezi kupata kiini safi wala dawa ya kweli, ni afadhali asubiri msimu mmoja kuliko kununua mbao ngumu yenye weupe kwa sababu ya jina.

Ukishaweka fremu, kagua mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na baada ya mvua. Gonga mwimo kwa mpini wa nyundo kuanzia chini kwenda juu. Mlio ukibadilika ukawa mtupu, kuna waliokwisha kula. Choma kwa ncha ya kisu karibu na kitako. Mbao nzima hukataa, iliyooza hukubali. Tazama ufa kati ya ripu na fremu kama una udongo mpya. Rangi iliyofura kwa chini ni dalili ya maji kabla ya kuoza, na hapo bado unaweza kuokoa fremu kwa kukausha na kuziba panapoingiza maji.

Mwisho niwageukie wauza mbao. Msumeno wa kupasulia upo, macho ya kutofautisha rangi yapo. Hakuna kinachowazuia kutenga mbao za kiini upande mmoja na zenye weupe upande mwingine, kila kundi kwa bei yake. Mbao zenye weupe zina matumizi mengi ndani ya nyumba, mbali na udongo. Mfanyabiashara wa kwanza kuandika kwenye banda lake "fremu za kiini" na kukubali mbao zake zikatwe mbele ya mteja ataona wakulima wanampita jirani yake na kwenda kwake. Na mnunuzi asisubiri sheria mpya wala mkaguzi. Aende sokoni na kisu mfukoni, atazame kichwa cha ubao, akwangue, aamue.